Macho ya Kuazima: Kumfumbua Aliyepepesa Pichani

Mtu mzima hupepesa macho mara kumi hadi ishirini hivi kwa dakika, na kila mpepeso huchukua takriban robo ya sekunde. Kope ya juu hushuka haraka, hugusa ya chini, kisha hupanda tena kwa mwendo wa pole kidogo. Watu wanaozungumza ana kwa ana hawaoni jambo hilo, kwa kuwa sura hujirudia kabla halijatambulika. Kamera hunasa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ikiangukia katikati ya mpepeso humwacha mtu amefumba macho katika picha hiyo milele.

Kwa picha ya mtu mmoja hasara ni ndogo, maana hupigwa nyingine. Tatizo hukua kadiri watu wanavyoongezeka. Ikikadiriwa kwamba mtu aliyesimama mbele ya kamera hupepesa mara 10 kwa dakika, na kila mara macho hufumbwa kwa robo ya sekunde, basi katika kila dakika macho yake yamefumbwa kwa sekunde mbili na nusu, yaani kama asilimia 4 ya muda wote. Kikundi cha watu 12 kina nafasi ya asilimia 60 tu ya kutoka kwenye picha moja bila hata mmoja kufumba. Watu wakifika 30, nafasi hiyo hushuka hadi karibu asilimia 28. Hesabu ya namna hii ilifanywa Australia na Nic Svenson na Piers Barnes, waliokuwa na shirika la utafiti wa sayansi la CSIRO, na mwaka 2006 ikawapatia tuzo ya Ig Nobel ya hisabati. Kanuni waliyotoa ni nyepesi: kwa kikundi chini ya watu 20, idadi ya watu igawanywe kwa 3 penye mwanga mzuri, au kwa 2 penye mwanga hafifu, na jibu ndilo idadi ya picha za kupiga. Watu 12 kwenye mwanga mzuri wanahitaji picha nne.

Kanuni hiyo ina sharti ambalo wengi hulipita. Inachukulia kwamba kila picha inasimama peke yake, mbali na mwenzake. Kamera nyingi za leo, pamoja na simu, hupiga mfululizo wa picha 5, 10 au zaidi kwa sekunde moja ikiwa kitufe kimeshikiliwa. Picha nne zilizopigwa ndani ya robo ya sekunde zinaweza zote kuangukia mpepeso uleule mmoja. Mfululizo huo una faida nyingine, nayo ndiyo hasa iliyozaa kazi inayoelezwa hapa: picha zake hufanana mno. Watu wamesimama palepale, mwanga ni uleule, tabasamu halijakauka. Aliyefumba macho katika picha ya tano huenda aliyafumbua katika ya tatu, na macho hayo yanaweza kuazimwa yakawekwa mahali pake.

Katika kazi hii kuna picha mbili. Ya kwanza ni picha ya msingi, ile ambayo karibu kila mtu ametoka vizuri. Ya pili ni picha ya kuazima, ambayo huchukuliwa macho tu. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ugumu uko kwenye kukata na kubandika. Ugumu halisi uko kwenye uchaguzi wa picha ya kuazima, kwa kuwa iliyochaguliwa vibaya haiwezi kuokolewa na ustadi wowote wa brashi.

Sababu ni kwamba jicho halifumbi peke yake. Kope ya juu inaposhuka, nyusi nazo hushuka kidogo, ngozi iliyo chini ya jicho hukaza, na kope ya chini husogea kuelekea puani. Mtu anayetabasamu kwa dhati ana jambo la ziada: msuli unaozunguka jicho hujikunja, mashavu hupanda, na mikunjo midogo hutokea kwenye pembe za nje za macho. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza hilo mwaka 1862, akaonyesha kwamba mdomo unaweza kutabasamu kwa amri ya mtu lakini msuli huu wa macho hautii amri kirahisi. Kwa mtengeneza picha maana yake ni hii: macho ya uso uliokunja midomo hayawezi kuwekwa juu ya mdomo unaocheka. Mtazamaji ataona kuna kasoro hata akishindwa kuitaja. Picha ya kuazima lazima iwe na tabasamu lilelile, na hilo ndilo jambo la kwanza kulitazama, kabla hata ya macho yenyewe.

La pili ni mwelekeo wa kichwa. Kichwa kinaweza kusogea kwa namna tatu zinazohusu kazi hii. Kikihama tu, kulia au kushoto, juu au chini, hakuna shida, kwa sababu kipande husogezwa. Kikiinama kuelekea begani, kipande huzungushwa kidogo, na hilo nalo linawezekana. Kikigeuka kama mtu anayetaka kutazama pembeni, kazi hukwama. Jicho moja huwa jembamba kuliko jingine, pua hufunika sehemu mpya ya uso, na hakuna kuzungusha kunakoweza kurudisha sura ilivyokuwa. Njia ya kupima ni kulinganisha umbali kutoka ncha ya pua hadi ukingo wa shavu la kulia na la kushoto katika picha zote mbili. Ikiwa uwiano umebadilika waziwazi, picha hiyo iachwe, hata kama macho yake yanang'aa namna gani.

La tatu ni hatua ya mpepeso. Kwa kuwa kope hushuka upesi na kupanda polepole, picha inayofuata baada ya macho kufumbwa mara nyingi huonyesha kope iliyopanda nusu, na mtu huonekana kama mwenye usingizi au mlevi. Picha iliyotangulia mpepeso ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na macho yaliyofunguka kikamilifu. Kwa hiyo anayetafuta macho ya kuazima hufanya vizuri kurudi nyuma kwenye mfululizo kwanza, kisha ndipo aende mbele akikosa.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi mambo hayo yanavyokutana. Ni picha ya familia baada ya ndoa, kama zinavyopigwa kila Jumamosi katika mji wowote wa pwani: watu 12 katika safu mbili chini ya kivuli cha mwembe, saa kumi jioni, bila flashi. Kamera ina pikseli 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo, na imepiga picha tisa kwa kasi ya sita kwa sekunde. Picha ya tano ndiyo bora. Bibi harusi anacheka, bwana harusi amesimama wima, watoto wote wanatazama mbele. Shangazi wa bibi harusi, aliye katikati ya safu ya nyuma, amefumba macho kabisa.

Picha ya nne inaonekana kuwa jirani mwema, lakini ikikuzwa huonekana kwamba shangazi alikuwa amemtupia jicho mtoto aliyekuwa akivuta nguo yake. Mboni zimekwenda pembeni. Hapo ndipo asili ya kufumba kwake hujulikana, kwa maana watu mara nyingi hupepesa pale wanapohamisha mtazamo. Alipomaliza kumtazama mtoto, akarudisha macho kwenye kamera na kupepesa njiani. Picha ya sita ina kope iliyopanda nusu. Ya saba ina macho yaliyo wazi, ila tabasamu limekwisha na midomo imefungwa. Ya tatu ina kila kinachotakiwa: macho yanatazama kamera, mashavu yamepanda vilevile, na kichwa hakijageuka. Tofauti pekee ni kwamba kichwa kimeinama begani kwa nyuzi tatu hivi kuliko katika picha ya tano. Hiyo ndiyo ya kuazima.

Ukubwa wa kipande kinachoshughulikiwa unafaa kujulikana mapema, kwa sababu ndio unaoamua brashi iwe ya kiasi gani. Kundi hili limejaza upana wa kama mita nne, hivyo kila mita ya eneo waliposimama imepata pikseli 1500. Duara lenye rangi la jicho la mtu mzima lina upana wa karibu milimita 12, na kipimo hicho hakitofautiani sana baina ya watu. Pichani huwa pikseli 18 tu. Jicho zima, kutoka pembe hadi pembe, ni kama pikseli 45. Kosa la pikseli tatu, ambalo lisingeonekana kwenye ukuta au nguo, hapa ni sehemu moja ya sita ya duara la jicho, na linatosha kumfanya mtu aonekane makengeza.

Kabla ya kuunganisha, picha zote mbili zinapaswa kutoka kwenye faili asili kwa mipangilio ileile ya rangi na mwangaza. Programu ikiachiwa ijirekebishie yenyewe kila picha, itatoa ngozi mbili tofauti kwa mtu mmoja. Anayetumia faili za RAW hunakili mipangilio ya picha ya msingi na kuibandika kwenye ya kuazima. Anayetumia picha za JPEG za simu hana nafasi hiyo, naye atalazimika kulinganisha rangi baadaye.

Programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure, inatosha kabisa. Picha ya tano hufunguliwa kwanza, kisha ya tatu huletwa juu yake kwa `File > Open as Layers...`, na sasa zimelaliana kama karatasi mbili, kila moja ikiwa leya yake. Leya ya juu hupunguzwa ukolevu hadi nusu kwa `Opacity` ili ya chini ionekane. Zana ya `Unified Transform` huisogeza na kuizungusha kwa pamoja. Ni vema kusogeza na kuzungusha kufanyike mara moja tu, maana kila mara picha inapozungushwa programu hukokotoa pikseli zake upya na ukali hupungua kidogo. Kipande kilichozungushwa mara nne huwa na ulaini ambao nyuso nyingine za pichani hazina.

Swali ni kulenga nini. Macho yenyewe hayafai kuwa alama, kwa kuwa katika picha moja yamefumbwa. Pembe za ndani za macho, zile zilizo karibu na pua, hubaki mahali pake hata jicho likifumbwa, na ndizo alama bora. Daraja la pua, tundu za pua na doa lolote la ngozi husaidia. Leya ya juu ikiwa imerudishwa kwenye ukolevu kamili na kubadilishwa kuwa `Difference`, programu huonyesha tofauti tu ya picha mbili: panapolingana huwa peusi, pasipolingana hung'aa. Shangazi akishalinganishwa sawasawa, paji la uso, pua na mashavu huzama kwenye weusi, na macho mawili hubaki yaking'aa peke yake. Ikiwa ukingo wa pua bado una mstari mwangavu upande mmoja, leya inahitaji kusogezwa pikseli moja au mbili. Baada ya hapo leya hurudishwa kwenye `Normal`.

Kuna njia ya mkato inayowapoteza wengi hapa. Programu kama Photoshop ina amri ya kulinganisha picha yenyewe, `Edit > Auto-Align Layers`. Amri hiyo hulinganisha picha nzima, kwa hiyo hushika ukuta, mti na ardhi, vitu ambavyo havikusogea. Kamera ilipotikisika mkononi, inafaa sana. Shangazi alipoinamisha kichwa, haikujua. Macho yatatua karibu na mahali pake, lakini si mahali pake. Amri hiyo ni hatua ya kwanza, na uso lazima ulinganishwe kwa mkono baadaye.

Leya ya juu sasa hufichwa yote kwa maski nyeusi: `Layer > Mask > Add Layer Mask...`, kisha `Black (full transparency)`. Picha ya tano huonekana kama ilivyokuwa, na shangazi bado amefumba. Brashi nyeupe yenye kingo laini, ya upana wa pikseli 20 hivi, ikipitishwa kwenye maski juu ya macho, hufichua macho ya picha ya tatu. Yakijitokeza mengi kupita kiasi, brashi nyeusi huyarudisha. Hakuna kilichofutwa wakati wote huo, na ndiyo sababu maski ni bora kuliko kukata na kubandika.

Mahali pa kupitisha mshono ndipo penye elimu yote ya kazi hii. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na kampuni ya Microsoft, Aseem Agarwala akiwa wa kwanza katika orodha yao, walitangaza mbinu ya kuunda picha moja ya kikundi kutokana na picha kadhaa. Kompyuta ilipewa kazi ya kutafuta njia ya mshono ambayo picha mbili zinakubaliana zaidi, yaani ambapo pikseli za upande huu na za upande ule tayari zinafanana, kisha kulainisha tofauti ndogo zilizobaki. Mkono wa binadamu hufuata kanuni hiyohiyo. Mshono hauzunguki jicho kwa karibu. Huenda nje hadi kwenye ngozi tulivu ambayo haikubadilika baina ya picha mbili.

Kwa juu, mshono hupita kati ya kope na nyusi, au juu kabisa ya nyusi, lakini kamwe hauikati nyusi katikati, la sivyo hutokea nyusi yenye kivuli cha pacha wake. Kwa chini, hupita chini ya kifuko cha kope ya chini, penye ngozi laini ya shavu. Pembeni kwa nje, ikiwa kuna mikunjo ya tabasamu, mikunjo yote huchukuliwa kutoka picha moja. Kingo laini za brashi, ambazo kwa ukubwa huu zisizidi pikseli sita hadi nane, zikae kwenye ngozi tu. Zikigusa nywele za kope, nywele za picha mbili huchanganyika na kuonekana kama moshi mwembamba juu ya jicho. Macho yote mawili huazimwa pamoja kutoka picha moja, hata kama moja tu ndilo lenye kasoro, kwa sababu mboni mbili zilizochukuliwa nyakati tofauti ni nadra kutazama mahali pamoja.

Shangazi amefumbua. Mara nyingi, hata hivyo, ngozi ya kipande huwa nyepesi au nzito kidogo kuliko ya uso, kwa kuwa upepo umetikisa majani na mwanga umebadilika katika theluthi ya sekunde iliyotenganisha picha hizo. Zana ya kusoma rangi huguswa kwenye shavu katika leya zote mbili, na tofauti hurekebishwa kwa `Colors > Curves...` ikitumika kwenye leya yenyewe, wala si kwenye maski. Marekebisho madogo hutosha. Kwenye ngozi nyeusi yenye mafuta au jasho kuna jambo ambalo vitabu vingi vya ughaibuni havilitaji: kinachofichua mshono si rangi ya ngozi bali mng'ao wake. Mng'ao hukaa chini ya nyusi na juu ya mfupa wa shavu, na hutembea kichwa kinapoinama hata kwa nyuzi mbili tatu. Mshono ukipita katikati ya mng'ao huukata kama kisu. Dawa ni kuuchukua mng'ao wote pamoja na jicho au kuuacha wote.

Vipodozi huleta sharti linalofanana na hilo. Bibi harusi aliyepakwa rangi ya kope yenye vimeta, akifumba macho, huonyesha eneo lote lililopakwa. Akifumbua, sehemu kubwa hujikunja na kubaki ukanda mwembamba. Jicho likiazimwa peke yake bila eneo lote hadi chini ya nyusi, hubaki kiraka cha rangi kinachoelea juu ya jicho lililo wazi. Wanja wa kope ya chini nao hufuata jicho lake.

Miwani ni ngumu kuliko yote. Fremu ya miwani husogea pamoja na kichwa, na vioo huakisi anga na watu waliosimama upande wa kamera. Kuazima jicho lililo nyuma ya kioo kimoja na kuacha mwakisi wa picha nyingine huleta mambo mawili yasiyopatana. Kwa mvaa miwani, kilicho salama ni kuazima kila kilicho ndani ya fremu, au fremu na kichwa kizima, mshono ukipita kwenye shingo, ukingo wa kofia au mtandio.

Flashi nayo ina mambo yake mawili. Kamera nyingi, flashi ikiwa kwenye upimaji wa kujiendesha, hurusha mweko mdogo wa kupima mwanga kabla ya mweko mkuu. Kwa watu wepesi wa kushtuka, mweko huo wa kwanza huamsha kope, na wakati wa mweko mkuu macho yameshafumba. Mtu wa aina hiyo hutoka amefumba katika picha zote, na mfululizo hauna macho ya kuazima hata kidogo. Kwake flashi hupangwa kwa mkono, ili mweko uwe mmoja tu. Jambo la pili ni nguvu ya betri: flashi ndogo ya kamera ikirusha kwa nguvu kamili huhitaji sekunde kadhaa kujijaza. Katika mfululizo, picha ya kwanza hupata mwanga wote, na zinazofuata hupata kidogo au hukosa kabisa. Macho ya picha isiyo na flashi hayafai kwenye uso wenye flashi, hata yakiangazwa kwa programu, kwa sababu yamekosa ile nukta nyeupe ya mwanga inayokaa kwenye mboni.

Nukta hiyo ndiyo mahali pa kwanza pa kukagua kazi iliyokwisha. Nyuso zote za picha moja huangazwa na chanzo kimoja, hivyo nukta huwa upande uleule wa jicho kwa kila mtu. Yenye nukta upande wa pili, au yenye nukta mbili, imeazimwa. Baada ya hapo picha hutazamwa katika ukubwa wake halisi, kisha hupunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Kwenye ukubwa halisi huonekana nywele za kope zilizochanganyika na kingo za mshono. Kwenye udogo wa stempu huonekana kile ambacho ukaribu huficha: uso wenye macho mang'avu kuliko ya wenzake, au mtu anayeonekana kushangaa kwa sababu weupe wa jicho umejitokeza juu ya duara lake. Kuigeuza picha kama kwenye kioo husaidia pia, kwa vile mtengenezaji aliyeikodolea nusu saa huwa ameshaizoea kasoro yake.

Kuna macho ambayo hayapaswi kufumbuliwa. Mtu aliyefumba wakati wa dua au sala ya kuwabariki maharusi amefumba kwa kusudi, na picha ya tukio hilo ni kweli kama ilivyo. Mwenye kope iliyolegea kwa maradhi, mwenye jicho lisiloona, au mzee ambaye macho yake hujifinya kila anapocheka, hana kosa la kurekebishwa. Kumwekea macho ya wazi kupita yake ni kumpa sura ya mtu mwingine, na familia yake itaiona kabla ya mtu yeyote. Anayetengeneza asiyemjua mhusika atazame picha zote za siku ile kabla ya kuamua.

Picha za habari haziguswi kabisa. Mashirika makubwa ya habari, Associated Press likiwemo, hukataza kuongeza au kuondoa kitu chochote ndani ya picha, na macho kutoka picha nyingine ni kitu kilichoongezwa, hata kama ni ya mtu huyohuyo theluthi ya sekunde kabla. Hukumu hiyo ni ya haki. Msomaji wa gazeti huambiwa kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa wakati kamera ilipofunguka, na wakati ule waziri au shahidi alikuwa amefumba. Picha za pasipoti na vitambulisho zimo katika kundi hilo, na za ushahidi mahakamani zaidi. Picha ya familia ina ahadi tofauti: inaahidi kwamba watu hawa walikuwa pamoja siku hii, wakiwa na furaha hii, na macho ya shangazi ya theluthi ya sekunde kabla hayaivunji ahadi hiyo.

Yote haya yanategemea jambo moja linalofanyika kabla ya kompyuta kuwashwa. Wapiga picha wengi hupitia mfululizo papo hapo kwenye kamera, huchagua iliyo bora na kufuta nyingine ili kuokoa nafasi kwenye kadi. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, uso wa mtu mmoja kati ya 12 una upana wa milimita chache, na macho yaliyofumba hayaonekani. Kasoro hugunduliwa nyumbani, wakati macho ya kuazima yameshafutwa. Kwa hiyo kila anayepiga picha za watu wengi aache mfululizo wote ukae kwenye kadi, apige angalau mifululizo mitatu mifupi yenye pumziko la sekunde kadhaa katikati, na asifute hata picha moja mpaka familia iwe imekabidhiwa picha zake.